Methali imekwamisha hadithi yangu

Ndugu mshauri,

Naandika hadithi fupi kuhusu bibi wawili, Bi Salma na Bi Rehema, marafiki tangu usichana wao. Wanagombana juu ya methali "Haraka haraka haina baraka". Bi Rehema anashika maneno kama yalivyo: anasema kilichokatazwa ni haraka mbili, haraka moja ruksa. Bi Salma anasema kinachohesabika ni maana waliyoikusudia wahenga. Wanabishana kurasa saba, halafu anatokea mwalimu mstaafu, anawaamua, wanapatana. Wote niliowasomea wameniambia jambo moja, kwamba inafanana na somo la darasani. Nimeongeza ucheshi, nikaupunguza, haikusaidia. Tena mimi mwenyewe sijui nani kati yao nimpe haki. Nifanye nini?

Mwandishi aliyekwama

JIBU

Mwenzangu, kabla hatujawagusa mabibi zako, tuitazame hiyo methali. Nadhani tatizo lako kubwa limeanzia hapo.

"Haraka haraka haina baraka" inasema waziwazi kile inachokusudia. Haina picha ndani yake. Hamna mnyama, chombo, mti wala kiungo cha mwili kilichosimama badala ya kitu kingine. Anayeisikia kwa mara ya kwanza ameielewa papo hapo bila kufundishwa na mtu. Sasa Bi Rehema ang'ang'anie maneno dhidi ya maana ipi, ikiwa maneno na maana ni kitu kilekile? Ndiyo sababu ikambidi aanze kuhesabu haraka zimetajwa ngapi. Mzaha ule ni mzuri, nimeucheka, lakini ni mzaha wa mstari mmoja, nawe umeuvuta kurasa saba.

Ziko methali za upande wa pili kabisa. "Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno." Hapo pengo kati ya maneno na maana ni pana mno. Hakuna mtu mzima atakayesimama akadai kwamba msemaji alikuwa anazungumzia wadudu na maganda. Atakayedai hivyo ataonekana amechanganyikiwa tu, na mgomvi aliyechanganyikiwa hawezi kubeba nusu ya hadithi.

Unayoihitaji iko katikati. Tendo lililotajwa katika maneno yake liwe tendo ambalo mtu anaweza kulitenda kweli, chumbani, mbele ya mwenzake, siku hiyohiyo. Na maana yake iwe jambo jingine, ambalo nalo linawagusa hawa wawili. Hapo kitendo kimoja kitapima maneno na maana kwa pamoja, na wahusika wako watapata la kufanya zaidi ya kubishana.

Chukua hii tuifanyie kazi: "Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Maneno yake hayana utata. Kitu kiko chini ya kitanda, ukisimama wima mkono haufiki, basi inama. Maana yake je? Ukisikiliza watu wanavyoitumia utaona imegawanyika njia mbili, na njia hizo hazifiki mahali pamoja. Ya kwanza ni jitihada: ukitaka kitu cha maana, kubali taabu yake. Hiyo ndiyo anayoambiwa kijana anayetaka cheo bila kusoma. Ya pili ni kujishusha: ukiwa na haja kwa mtu, teremsha shingo, omba, acha kiburi. Neno "kuinama" linabeba zote mbili bila kulalamika, maana ainamaye anatumia nguvu, na ainamaye pia ananyenyekea.

Hili ni muhimu kwako kuliko unavyodhani. Bi Salma wako anaitaja "maana waliyoikusudia wahenga" kana kwamba ni moja na anwani yake inajulikana. Wahenga hawapo wa kuulizwa. Kilichopo ni mazoea ya wanaoitumia methali, na mazoea hayo, kama tulivyoona, yana matawi mawili. Kwa hiyo mwenye kutetea maana ana swali la kujibu kabla hajampinga mwenzake: maana ipi?

Wala mwenye kutetea maneno asijione yuko salama. Wako wanaosema "sharti ainame", na wako wanaosema "Mtaka cha mvunguni huinama". Zote mbili zinatembea. Ya kwanza inaamuru, inaweka sharti. Ya pili inaeleza tu ilivyo desturi ya watu wenye kutafuta vitu chini ya vitanda, haimlazimishi mtu. Anayeapa kwa maneno yenyewe, kwanza atuambie anaapa kwa maneno yapi. Huu ni mstari mmoja wa kumpa Bi Rehema, au wa kumnyima, utaona baadaye. Usiufanye mhadhara.

Sasa tuwape hao mabibi kitanda, na chini yake tuweke kitu.

Miaka mingi nyuma Bi Rehema alihama kwenda kuishi na mwanawe. Sanduku lake dogo la bati lilimshinda kulibeba siku ile, akaliacha kwa shoga yake liwe amana. Bi Salma akalisukuma mvunguni, likakaa. Hapa kati Bi Salma akaugua, ugonjwa mrefu, na Bi Rehema hakuja hata siku moja kumjulia hali. Leo amekuja. Amekuja kuchukua sanduku.

Nakushauri ugonjwa huo usiutaje mwanzoni. Msomaji aingie chumbani na sanduku tu. Kitu kama hiki:

"Nimekuja kuchukua sanduku langu."

"Lipo palepale nilipoliweka."

Bi Rehema akakitazama kitanda. Kilikuwa cha chini, na shuka limeteremka karibu kugusa sakafu.

"Nitolee basi, shoga yangu. Huu mgongo wangu unaujua."

"Mtaka cha mvunguni, mwenzangu..."

Akaishia hapo, akaendelea kukunja nguo.

Ona alipoishia. Katika kurasa zako saba kila methali imesemwa kwa ukamilifu, na baada ya methali yakafuata maelezo. Watu wazima waliokua pamoja hawasemezani hivyo. Mmoja huanza nusu, mwenzake humalizia, au humalizia moyoni na kunyamaza. Nusu ile isiyosemwa ndiyo inayouma, na mwenye kuitupa anabaki na mlango wa kutokea: mimi nimesema nini? Kwa hadithi inayohusu maneno dhidi ya maana, hii ni zawadi. Kwa kuwa kama tutashika maneno kama yalivyotamkwa, Bi Salma hakumwambia mtu ainame. Neno lenyewe halikutoka kinywani mwake.

Tuendelee. Bi Rehema anatembea na mkongojo. Haombi mara ya pili. Anavuta kigoda, anakaa, anaupeleka mkongojo chini ya kitanda huku mgongo wake umenyooka, anapapasa mpaka kichwa cha mkongojo kinanasa kwenye mkono wa sanduku. Anavuta. Andika mvuto huu polepole. Sanduku likwame kwenye mguu wa kitanda, lizunguke, lirudi nyuma, linase tena. Bi Salma asiinue macho kwenye nguo zake, lakini nguo ileile moja aikunje mara mbili. Mwishowe sanduku linatoka na vumbi lake.

"Haya, hilo. Umeniona nimeinama?"

"Hukuinama."

"Basi methali yako imebaki mvunguni."

Hapa ndipo ugomvi unapoanza, ukurasa wa pili, na unaanza kwa sababu kitu kimetendeka. Linganisha na ulivyoanza wewe, ambapo mabibi wamekaa, mmoja akasema methali, mwenzake akasema siikubali. Ukitaka kujua kama una hadithi au una mjadala, jaribu hivi: ifute methali, acha kila kitu kingine, kisha uulize kama hawa wawili bado wana ugomvi. Katika rasimu yako ukiifuta methali hakuna kinachobaki. Katika hii, ukiifuta, bado kuna mwanamke aliyeuguzwa na watu wengine na shoga yake anavuta sanduku kwa fimbo ili asiiname mbele yake.

Sasa lile swali lako la nani ana haki. Nitakujibu, lakini kwanza nikuonyeshe kwa nini limekusumbua. Umempa kila bibi msimamo, ukamfunga nao kuanzia mwanzo hadi mwisho: Rehema wa maneno, Salma wa maana. Watu hawako hivyo. Mtu hushika maneno pale maneno yanapomfaa, na hukimbilia maana pale maneno yanapomgeukia. Tazama kinachotokea sanduku likishatoka:

"Methali imesema ainame," Bi Salma akasema. "Haikusema avute kwa fimbo."

"Leo wewe ndiye wa kuhesabu maneno? Maana yake mtu ajitahidi. Mimi nimejitahidi, jasho si hili?"

"Maana yake si hiyo."

"Ni ipi?"

Bi Salma akanyamaza.

Wamebadilishana viti. Dakika moja iliyopita Bi Rehema alikuwa mtu wa maneno, anasema sikuinama na nimekipata, kwa hiyo maneno yako ni ya uongo. Sasa anatetea maana, tena amechagua tawi la jitihada kwa sababu ndilo linalomwondolea lawama. Bi Salma, mtetezi wa maana, ameshika neno "ainame" kwa mikono miwili. Hakuna hata mmoja aliyebadili moyo wake. Kila mmoja amechukua kipande cha methali kilichokuwa karibu.

Na ule ukimya wa Bi Salma ndio moyo wa hadithi yako. Maana anayoitaka anaijua: ni lile tawi la pili, la kujishusha. Alitaka Bi Rehema ainame kwake, aseme shoga yangu nisamehe, nilisikia unaumwa nikakaa. Lakini akiitamka maana hiyo kwa mdomo atakuwa yeye ndiye anayeomba. Ataomba aombwe radhi, na radhi ya kuomba uombwe haina ladha. Methali ilimsaidia asiseme. Ukimlazimisha aieleze, umemnyang'anya.

Kwa hiyo usimpe mstari wa kueleza maana. Kama ni lazima jambo litoke, litoke kwa pembeni, na litoke kwa upande wa Bi Rehema:

"Isitoshe, hukuimaliza. Umesema 'mtaka cha mvunguni', basi. Ya kuinama nimeiongeza mimi."

"Kwa nini umeiongeza?"

Swali la Bi Salma ni fupi, na Bi Rehema hana pa kwenda. Ameiongeza kwa sababu aliielewa. Aliielewa toka nusu ya kwanza, kabla hajaugusa mkongojo. Wanasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua, na Bi Rehema si mjinga. Zoezi lote lile la kigoda na fimbo lilikuwa jibu kwa maana, huku akijifanya anajibu maneno. Ndivyo anavyofanya mshika-maneno mara nyingi, katika hadithi na nje ya hadithi. Hutumia maneno kwa sababu maana imempata.

Hapo ndipo unaweza kumpa sentensi moja ya upande wake. Pengine hakuletewa habari, alisikia kwa watu baki miezi imeshapita, akaona haya kujitokeza kwa kuchelewa, na kila mwezi ulioongezeka ukazidisha haya. Bi Salma naye hakumtumia mtu, alitaka aje mwenyewe bila kuitwa. Sentensi moja, nimesema. Ukiandika mbili, ya pili itakuwa ya kumtetea, na msomaji atahisi mkono wako.

Nirudi kwenye haki.

Tukitoka nje ya hadithi, katika mazungumzo ya kila siku, maana ndiyo inayohesabika. Hakuna anayetaja mvungu ili kumfundisha mwenzake namna ya kutoa vitu chini ya kitanda. Anayejibu methali kwa maneno yake matupu anakwepa, au anachekesha, na wote wawili wanajua. Lakini maana hiyo haimilikiwi na msemaji peke yake. Bi Salma hawezi kutupa methali kisha akadai alikusudia lolote apendalo. Hawezi kusema alikuwa anamkaribisha mgeni chakula. Mazoea ya lugha yamempa matawi mawili, na kati ya hayo anaweza kukusudia moja. Na msikilizaji naye ana haki ya kulipokea lile jingine, kwa sababu nalo ni halali, nalo linatumika. Kwa hiyo Bi Rehema anaposema "maana yake mtu ajitahidi" hajadanganya. Amepokea tawi ambalo hakupewa, lakini ni tawi la mti uleule.

Halafu kuna jambo ambalo ninaomba usiliache: sanduku ni lake. Ni amana. Methali inamzungumzia mtu anayetaka kitu ambacho hana, na ili akipate lazima alipe kwa jasho au kwa unyenyekevu. Mtu anayefuata mali yake mwenyewe hadaiwi kuinama. Akiwa na mgongo mbovu, ni wajibu wa aliyewekewa amana kumtolea. Kwa hiyo maneno ya methali yanalingana kabisa na chumba kile, kuna mvungu, kuna kitu mvunguni, kuna anayekitaka, lakini maana yake ya kujishusha haikai juu ya sanduku hata kidogo. Inakaa juu ya ugonjwa. Bi Salma ametumia kitanda kinachoonekana kuzungumzia kitanda kingine, kile alicholala akiumwa. Mpe Bi Rehema haki juu ya sanduku. Mpe Bi Salma haki juu ya ugonjwa. Methali moja haiwezi kuzifunika zote mbili, na wao wanaivuta huku na huku kama shuka fupi. Ukiiandika hivyo hutahitaji mshindi, na msomaji hatakudai mshindi, kwa kuwa atakuwa ameona kila mmoja ameshinda kesi ambayo siyo aliyoifungua.

Hapo ndipo unaweza kutumia ile "huinama" niliyokutajia, ukipenda. Bi Rehema anaweza kusema, akiwa ameshashikwa kwenye kona: "Kwetu tukisema, tulisema huinama. Sharti mmeiweka nyie." Wamekua pamoja, hakuna "kwetu" na "nyie" kati yao. Bi Salma atalijua hilo, na msomaji pia. Ni uongo mdogo wa mtu anayetafuta pa kuegemea. Ukiona mstari huo unaiweka hadithi kwenye sarufi kuliko kwenye chumba, uache.

Mwalimu mstaafu muage kwa heshima. Najua kwa nini ulimleta: ulikwama na ukahitaji mtu wa kufunga mlango. Lakini mwamuzi akishaingia, ugomvi unakuwa mali yake. Mabibi wananyamaza kumsikiliza, na msomaji ambaye alikuwa anapima mwenyewe anaweka mizani chini kwa sababu mwenye majibu amefika. Mbaya zaidi, mwalimu huyo anaweza kuamua kuhusu methali tu, na tulishaona kwamba ugomvi hauko kwenye methali. Angehitaji kujua habari za ugonjwa, na hizo hakuna atakayemweleza.

Unaweza kujaribiwa kuleta mjukuu badala yake, mtoto anayeuliza "bibi, maana yake nini?" Usimlete. Ni mwalimu yuleyule, amepunguzwa umri.

Mwisho wa hadithi utakuja na vishawishi vyake. Cha kwanza ni Bi Rehema kuangua kilio, kupiga magoti na kuomba radhi. Hapo methali imetimia kwa maneno na kwa maana, na hadithi yote imegeuka kielelezo chake, kama zile insha za shuleni zinazoanza kwa "andika kisa kinachoakisi methali hii". Cha pili kina ujanja zaidi: miwani ya Bi Salma ianguke, iteleze mvunguni, na yeye mwenye methali ndiye ainame. Waandishi wengi wangekimbilia hapo, na wasomaji wengi wangetabasamu. Mimi naona kinamwadhibu Bi Salma kwa kosa ambalo hakulitenda. Yeye aliumwa, akasubiri mtu, mtu hakuja. Kumwinamisha ili hadithi ipate mzunguko mzuri ni kumchekea.

Ningeuacha mwisho kwenye jambo la kawaida. Sanduku limetoka, liko katikati ya chumba, lakini Bi Rehema alikuja peke yake na mkono mmoja umeshika mkongojo. Kulivuta ameweza, kulibeba hawezi. Hajalifikiria hilo mpaka sasa. Na neno la kuomba msaada wa pili ni gumu kuliko la kwanza, kwa sababu la kwanza lilijibiwa kwa methali.

"Utalibebaje?"

"Nitaona."

"Mkongojo hauna mkono wa pili."

"Nimesema nitaona, Salma."

Ni mara ya kwanza anamwita kwa jina tupu, bila shoga, bila mwenzangu. Liweke jina hilo hapo na usilitumie kabla. Kisha Bi Salma anaweza kuweka nguo kando. Anaweza kushika upande mmoja wa sanduku, au anaweza kulirudisha mvunguni kwa mguu na kusema njoo kesho na mtu wa kubeba. Nimejaribu kusikiliza zote mbili na mimi napenda ya pili. Ni ya ukali kidogo, na inamfanya Bi Rehema arudi kesho, jambo ambalo ndilo Bi Salma alilolitaka tangu alipougua. Msomaji mwepesi atalitambua hilo bila kuambiwa. Usiruhusu hata mmoja wao aitaje methali tena baada ya hapo.

Machache ya ufundi, kisha nikuache ukafanye kazi. Kurasa nne au tano zinatosha, kwa kuwa ni chumba kimoja na saa moja ya mchana. Lile sanduku lisifunguliwe. Ukilifungua utalazimika kuweka ndani yake kitu cha kutoa machozi, picha au barua, na hadithi itahamia huko. Funguo anazo Bi Rehema, inatosha ziwe zinalia kwenye pindo lake anapovuta. Mgongo wake utajwe mapema na usitajwe tena hadi mkongojo unapoingia mvunguni, la sivyo msomaji ataona unampangia. Habari ya ugonjwa ningeidokeza mara moja kabla ya ile sentensi ya Bi Rehema, kwa kitu kinachoonekana, mathalani chupa ya dawa iliyobaki tupu juu ya dirisha ambayo hakuna aliyeitupa.

Jina usiliweke methali. Msomaji akiiona methali kwenye kichwa ataanza kutafuta maana yake kabla hata ya kumwona Bi Rehema mlangoni. "Amana" litatosha.